Mpangilio wa majina ya waandishi: makala ya salfa na ubwiriunga wa mikorosho

Dkt. Chande, shikamoo. Dada Somoe, Kaka Mussa na Kaka Bakari, habari za kazi.

Kabla rasimu haijatoka Mtwara kwenda kwenye jarida, tukubaliane majina. Napendekeza: Hadija, Somoe, Mussa, Bakari, Chande.

Nimejiweka mwanzo kwa sababu swali la utafiti na mpango wa majaribio niliuandika mimi, na rasimu yote pia. Mkiona vingine, semeni.

Nafasi ya pili najua itazua hoja, maana uchambuzi wa Mussa ni mzito. Alipoona miti ya shamba moja inafanana, akaacha kuihesabu kama inayojitegemea. Tofauti kati ya ratiba za salfa ikapungua, lakini sasa inasimama mbele ya mhakiki yeyote. Hata hivyo namtanguliza Somoe. Mashamba 6 ya Tandahimba na Newala, miti 8 kila shamba, vishada 10 vya maua kila mti, wiki 9: vipimo 4,320, na kila wiki alikuwa shambani. Wiki ya 3 na ya 4 maua yaliyokauka kwa jua yalihesabiwa kama yenye ubwiriunga. Ni yeye aliyegundua, kwa kuwa hayakuwa na ule unga mweupe, kisha akapitia upya picha za vishada 960. Bila hayo, Mussa asingekuwa na cha kuchambua.

Bakari alichagua mashamba pamoja nami, akasimamia upuliziaji ili kila mti upate kipimo kilekile, na akarekebisha sehemu ya mbinu.

Dkt. Chande anakaa mwisho, kama ilivyo desturi kwa msimamizi. Fedha na usimamizi peke yake havitoshi kwa vigezo vya ICMJE vya kuwa mwandishi. Anaingia kwa sababu alibadilisha mpango tukaongeza miti isiyopuliziwa, na ameihakiki rasimu mara mbili.

Vigezo hivyo vinataka pia kila mwandishi ahakiki rasimu, aidhinishe toleo la mwisho na awe tayari kuwajibika. Somoe bado hajatumiwa rasimu. Kosa ni letu, lisije likamnyima haki yake. Naituma leo, apewe wiki mbili kamili, na sehemu za takwimu Mussa atampitisha kwa Kiswahili.

Kwenye fomu ya CRediT, yenye majukumu 14, nitajaza hivi: Hadija: wazo, mbinu na uandishi wa rasimu; Somoe: ukusanyaji na utunzaji wa data; Mussa: uchambuzi na michoro; Bakari: mbinu na usimamizi wa kazi za shambani; Chande: mbinu, fedha na usimamizi. Uhakiki, wote watano. Mawasiliano na jarida nitayashika mimi.

Wenye mashamba na ofisa aliyetupa kibali tuwaweke kwenye shukrani, kila mmoja akiulizwa kwanza kama anaridhia jina lake litajwe.

Mwenye pingamizi ajibu hapa mbele ya wote kufikia Ijumaa ijayo, aseme jukumu gani limesahaulika au limezidishwa. Anayeona tabu kusema hapa anipigie. Wahakiki wakidai vipimo vipya, tutaupanga upya mpangilio huu wa majina kulingana na atakayeifanya kazi hiyo.

Hadija