Kanuni za Vichujio vya Maneno vya Bawabu

Kanuni hizi ni za Bawabu, roboti inayolinda kundi letu la Telegram la wauzaji wa mitumba wa Gikomba na wateja wao. Zinaanza kutumika Jumatatu. Msimamizi yeyote anayetaka kuongeza au kuondoa neno kwenye orodha azisome kwanza.

Kazi ya Bawabu ni kuondoa viungo vya ulaghai na matangazo ya kero kabla mtu hajavibonyeza. Hayupo hapa kumkomesha mtu. Wengi wanaotuletea viungo hivyo si walaghai: ni mama aliyeambiwa asambaze kwa makundi kumi apate bando ya bure, au kijana ambaye akaunti yake imetekwa na hajui. Kiungo kiondoke upesi, aliyekituma asiaibishwe mbele ya wateja wake.

1. Bila kiungo, hakuna kufuta

Neno peke yake halifuti ujumbe, hata liwe baya namna gani. Bawabu huanza kuhesabu alama pale tu anapoona kiungo:

```
kiungo_kifupi    = 2   # bit.ly, tinyurl.com
mwaliko_wa_kundi = 3   # t.me/+, chat.whatsapp.com
kiungo_kigeni    = 1
neno_la_orodha   = 1   # kila neno; yasizidi 2
mgeni_saa_24     = 1
kufuta_kuanzia   = 3
```

Mwaliko wa kundi jingine huondolewa papo hapo. Kiungo kifupi huhitaji neno moja la orodha au kitumwe na mtu aliyejiunga ndani ya saa 24. Muuzaji wa zamani aliyetuma kiungo kigeni bila neno la orodha ana alama 1, na ujumbe wake unabaki.

`wa.me` si kiungo kigeni. Wauzaji wetu hupokea oda kupitia hapo, na kuizuia ni kuwafungia duka.

2. Maneno yaandikwe mazima

Hapa ndipo tulipokosea zaidi, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu. Kiswahili hubandika viambishi mbele na nyuma ya mzizi. Ukiandika `mkopo` pekee, "mikopo" na "utakopeshwa" yatapita. Tulipoona hivyo tukaweka mzizi `kop` popote utakapoonekana, na siku hiyo hiyo Bawabu akafuta tangazo la dada anayeuza kope za bandia, aliyekuwa ameweka kiungo kifupi cha picha zake. Vikopo vya rangi ya viatu navyo vingeondoka. Sasa tunaorodhesha maumbo yenyewe, yenye mpaka wa neno pande zote mbili:

```
\b(mkopo|mikopo|kukopa|(u|ni|m)(na|ta)kopeshwa)\b
```

Vivyo hivyo kwa kamari. "Beti" ni wingi wa ubeti, na tuna wanachama wanaotunga mashairi na kuyaweka hapa Ijumaa jioni. Tumeiacha "kubeti" na "jackpot" kwenye orodha, "beti" tukaiondoa. Nafuu ulaghai mmoja upite tuuondoe kwa mkono kuliko kumnyamazisha mshairi.

Maneno haya hayaingii kwenye orodha kamwe: pesa, M-Pesa, Till, Paybill, tuma, bei, ofa, robota, kamera. Ndiyo lugha ya soko. Kamera kwetu ni nguo za chaguo la kwanza, na mtu asiyejua Gikomba anaweza kudhani ni tangazo la vifaa vya picha.

Kabla ya kulinganisha, Bawabu hugeuza herufi zote kuwa ndogo, huondoa alama zisizoonekana kama U+200B, na hubadilisha herufi za Kisirili zinazofanana na zetu. Walaghai huandika "mkоpo" kwa "о" ya Kisirili, na jicho la binadamu haliwezi kuitambua.

3. Kiungo kisomwe kutoka mwisho

Anwani inaaminika ikiwa ni `safaricom.co.ke` yenyewe au inaishia na `.safaricom.co.ke`. Kutafuta jina popote ndani ya anwani ni kosa, kwa sababu `safaricom.co.ke.zawadi.example` nayo itapita, na huo ndio mtego wanaoupenda. Kanuni hii ni hiyo hiyo kwa `ecitizen.go.ke`.

Bawabu aangalie pia kiungo kilichofichwa nyuma ya maandishi (`text_link`), maelezo ya picha (`caption_entities`) na ujumbe uliohaririwa (`edited_message`). Wapo wanaotuma "Habari za asubuhi", wakasubiri dakika tano, kisha wakaigeuza kuwa tangazo. Kiungo kilichoandikwa ndani ya picha yenyewe Bawabu hakioni. Hapo tutumie macho yetu.

4. Maonyo

Roboti ya Telegram haiwezi kumwandikia faraghani mtu ambaye hajaanza kuzungumza nayo. Kwa hiyo onyo hutoka ndani ya kundi, likianza na jina la mwanachama, na hujifuta baada ya dakika 10. Lisirudie kiungo wala kutumia neno "mlaghai".

Mara ya kwanza:

"Habari yako. Tumeondoa ujumbe wako kwa sababu una kiungo kinachofanana na vile vinavyotumiwa kuwaibia watu. Huenda hukujua, na hatukulaumu. Kama ni cha biashara yako, tafadhali mwandikie msimamizi yeyote tukirudishe. Asante."

Mara ya pili ndani ya siku 30:

"Habari yako tena. Ujumbe wako wa pili wenye kiungo umeondolewa. Tafadhali angalia kama kuna mtu mwingine anayetumia akaunti yako: fungua Settings, kisha Devices, uondoe simu usiyoitambua. Ukihitaji msaada, sema hapa, tutakusaidia."

Mara ya tatu:

"Samahani, kwa saa 24 zijazo hutaweza kuandika hapa, ila utaendelea kusoma. Tunafanya hivi kuwalinda wateja wako na wetu. Kama tumekosea, mwandikie msimamizi, tutafungua mara moja."

Mara ya nne Bawabu hafanyi lolote zaidi ya kufuta na kutuita. Kumtoa mtu kundini ni uamuzi wa wasimamizi wawili, baada ya mmoja wao kumpigia simu.

Viungo vitano ndani ya dakika moja ni kosa moja, kwa sababu akaunti iliyotekwa hutuma hivyo. Onyo hufa baada ya siku 30.

Kwa anayegusa msimbo: `until_date` ni saa ya mwisho, si urefu wa adhabu. Tuliwahi kuandika 86400 tukidhani ni siku moja, na muuzaji wa viatu akanyamazishwa moja kwa moja, kwani Telegram huchukulia muda ulio chini ya sekunde 30 kuanzia sasa kuwa ni wa milele. Alipoteza mauzo ya wikendi nzima. Andika hivi:

```
until_date = int(time.time()) + 86400
```

5. Siku ya moto

Gikomba imeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu. Siku kama hiyo watu hutuma viungo vya habari na vya harambee kwa pupa, wengi wakiwa wageni kundini. Msimamizi aliye zamu aandike `/dharura`. Kwa saa 12 Bawabu hafuti wala haonyi, isipokuwa mialiko ya makundi; viungo vingine hutuletea sisi. "Mchango", "msaada" na "harambee" yasiwe kwenye orodha wakati wowote. Walaghai nao huja siku hizo, kwa hiyo kila kiungo cha kuchangisha kithibitishwe kwa kumpigia simu mwenye kibanda.

6. Kuongeza neno

Litafute kwanza kwenye ujumbe 200 wa mwisho wa kundi. Likionekana hata mara moja kwenye tangazo halali, tafuta umbo jingine. Kisha liwekwe siku 7 katika hali ya kuangalia tu, Bawabu akiandika kila anapokuta ujumbe ambao angeufuta.

Kumbukumbu zihifadhi namba ya akaunti, tarehe na kanuni iliyotumika, bila maneno ya ujumbe, zifutwe baada ya siku 30. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatudai tusikusanye zaidi ya tunachohitaji, na hatuhitaji zaidi ya hapo.