Anayeoa na anayeolewa: maneno ya "Malaika" na "Sina Makosa"

Juzi harusini Morogoro dada mmoja aliimba "Malaika" mpaka wazee wakamtunza. Alipofika kwenye "ningekuoa Malaika", shangazi yangu akanicheka sikioni: "Huyu naye atamwoa nani?"

Swali lake lina uzito. Kiswahili hakina "he" wala "she". "Malaika" anaweza kuwa yeyote, na hata "kijana mwenzio" haitaji jinsia. Katika beti hizi kitenzi kimoja tu ndicho kinachotufunulia nani ni mwanamume: kuoa. Mume huoa, mke huolewa. Fadhili William alipoimba "ningekuoa" hakuna aliyeshtuka. Miriam Makeba alipoimba wimbo huohuo aliliacha neno lilivyo, na dunia isiyojua Kiswahili ikapiga makofi bila kusikia kwamba mwanamke amejitwalia kitenzi cha mume.

Lakini mume mwenyewe ni wa namna gani? "Nashindwa na mali sina we." Mtu aliyepewa kitenzi cha kutenda, kuoa, anajieleza kwa cha kutendwa, nashindwa. Kinachomfanya mume ni mali. Asipokuwa nayo, kuoa kunabaki kwenye -nge-, jambo ambalo lingekuwa na halipo. "Pesa zasumbua roho yangu": hata hapa pesa ndizo zinazotenda, yeye anatendwa. Wimbo unamhurumia, ila haumuulizi Malaika kama naye anaitaka hiyo mali. Huenda angemkubali hivyohivyo.

Malaika hasemi neno. Anaitwa, anapendwa, kisha anageuzwa "kidege", ndege aliyepunguzwa kwa ki-. Ni ki- ya mahaba, sibishi, lakini mahaba yenyewe yamemfanya mdogo. Katika "hukuwaza kidege" mimi nasikia hu- ya mazoea: nakuwaza kila siku. Rafiki yangu husikia ukanushi, wewe hukuwaza, na kwake wimbo mzima unakuwa lawama. Sikubaliani naye, ingawa katika usomaji wake angalau kidege ana akili ya kuwaza au kutowaza.

"Sina Makosa" ya Les Wanyika haina hata huruma hiyo. "Hasira za nini wee bwana": anayeambiwa ni mwanamume mwenzake. Mwanamke wanayemgombania ni "yule" tu. "Yule si wako nami si wangu" inaonekana kumwachia uhuru, kumbe inamtoa mikononi mwa wawili ili ugomvi uishe. Halafu inakuja hoja ya kumnyamazisha bwana: "Wewe una wako nyumbani, nami nina wangu nyumbani." Wako, wangu, neno "mke" halitajwi, umiliki unatosha, na mahali pao ni nyumbani. Wanawake watatu wamepita katika mistari hiyo miwili, na wote wamepita kama viwakilishi.

Shangazi, nilipomwambia haya, alijibu kwamba yeye huucheza tu.