ONYO LA KWANZA LA MAANDISHI: KUCHELEWA KAZINI KATI YA 16 JUNI NA 18 JULAI 2025

Kwa: Ndugu Salehe, Karani wa Ghala, Zamu ya Asubuhi
Kutoka: Msimamizi wa Zamu ya Asubuhi
Nakala: Afisa Rasilimali Watu
Tarehe: Jumatano, 23 Julai 2025
Siri: kwa waliotajwa hapo juu tu

Ndugu Salehe,

Barua pepe hii ni onyo la kwanza la maandishi. Unapewa kwa sababu kati ya tarehe 16 Juni na 18 Julai 2025 ulichelewa kuingia zamu mara 6 bila ruhusa, baada ya kuonywa kwa mdomo tarehe 5 Juni 2025 kwa kosa hilohilo. Tuliyozungumza ofisini juzi Jumatatu, tarehe 21 Julai, yamezingatiwa, na maelezo yako nimeyaandika hapa chini kama ulivyoyatoa.

Kumbukumbu za mahudhurio

Zamu yako inaanza saa 1:00 asubuhi. Kwa utaratibu wetu, anayeingia ndani ya dakika 5 za mwanzo hahesabiwi kuwa amechelewa. Kuanzia dakika ya 6, dakika zote huhesabiwa tangu saa 1:00 kamili. Mashine ya alama za vidole iliyopo mlango wa wafanyakazi inaonyesha hivi:

Jumatatu 16 Juni: uliingia saa 1:22, umechelewa dakika 22. Hakuna taarifa.
Jumanne 24 Juni: saa 1:14, dakika 14. Hakuna taarifa.
Jumatatu 30 Juni: saa 1:37, dakika 37. Ujumbe wa simu ulinifikia saa 1:10, zamu ikiwa imeshaanza.
Jumatano 9 Julai: saa 1:18, dakika 18. Hakuna taarifa.
Jumatatu 14 Julai: saa 1:41, dakika 41. Ujumbe ulifika saa 1:25.
Ijumaa 18 Julai: saa 1:26, dakika 26. Hakuna taarifa.

Jumla ni dakika 158, yaani saa 2 na dakika 38. Mashine huandika muda kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo ukiona 07:22 kwenye kiambatisho, ndiyo saa 1:22 asubuhi.

Siku mbili sikuziingiza kwenye hesabu, na ni vizuri ujue sababu. Alhamisi 26 Juni mashine haikufanya kazi, watu wakaandikwa kwenye daftari la mlinzi. Jina lako liko kwenye saa 1:08, lakini saa ya ukutani pale getini haikuwa imelinganishwa na ya mashine, na tofauti ya dakika tatu haiwezi kusimamiwa kwa saa ya aina hiyo. Ijumaa 11 Julai uliingia saa 2:05, ila ulinipigia saa 12:20 asubuhi kueleza kwamba unampeleka mtoto hospitali, nikakuruhusu, na karani mwingine akapangwa mapema. Huko si kuchelewa kwa maana ya onyo hili. Ndivyo taarifa inavyotakiwa kutolewa.

Kuanzia 6 Juni hadi 18 Julai ulikuwa kazini siku 28, ukiondoa siku 3 za likizo yako (1 hadi 3 Julai). Ukitoa siku 6 za kuchelewa na hizo mbili nilizozieleza, siku 20 zilizobaki ulifika kwa wakati.

Yaliyotangulia

Mwezi Mei 2025 ulichelewa mara 4: tarehe 13, 19, 26 na 30. Alhamisi 5 Juni tulikaa, nikakuonya kwa mdomo, na tukakubaliana mambo mawili: ufike kabla ya saa 1:00, na ukiona utachelewa upige simu kabla zamu haijaanza. Muhtasari wa kikao hicho uliusaini siku hiyohiyo. Kuchelewa kwa mwezi Mei kumeshughulikiwa kwa onyo la mdomo na hakuadhibiwi mara ya pili hapa. Nimeyataja hayo ili ionekane kwa nini hatua ya sasa ni ya maandishi.

Kinachotokea ghalani dakika hizo

Zamu ya usiku inaisha saa 1:15, na zile dakika 15 kati ya kuingia kwako na kutoka kwa mwenzako ni za makabidhiano: kuhesabu pamoja mizigo iliyopo eneo la kupakia, kulinganisha na hati za kupeleka, kukabidhi funguo za kizimba cha bidhaa za thamani, kisha kusaini daftari wote wawili. Karani mmoja peke yake haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Usipokuwepo, wa usiku hawezi kuondoka na wapakiaji hawawezi kuanza.

Siku zote 6 karani wa usiku alibaki mpaka makabidhiano yakamilike. Dakika zako 158 ndizo dakika alizoandikiwa kama muda wa ziada.

Tarehe 14 Julai gari la kwanza lililopangwa kuondoka saa 2:15 liliondoka saa 2:55. Daftari la getini linaonyesha upakiaji ulianza saa 1:56, mara tu baada ya nyinyi wawili kusaini.

Tarehe 9 Julai safu ya hesabu kwenye daftari la makabidhiano iko tupu. Saini zipo, namba hazipo. Mchana eneo la kupakia lilikutwa na upungufu wa maboksi 3 ukilinganisha na hati. Maboksi hayo yalipatikana kesho yake kwenye rafu nyingine, na hakuna aliyeandikiwa hasara. Sikulaumu kwa upungufu huo. Nautaja kwa kuwa makabidhiano yakifanywa haraka, hesabu ndiyo ya kwanza kurukwa, na bila hesabu hakuna namna ya kujua mzigo ulipotea zamu ya nani.

Katika kikao ulisema kwamba baadhi ya siku hizo ulibaki baada ya saa 9:00 alasiri kufidia. Nimeangalia, ni kweli: 16 Juni na 30 Juni ulitoka zaidi ya nusu saa baada ya zamu kwisha. Hata hivyo pengo liko asubuhi, wakati wa makabidhiano, na muda wa alasiri hauwezi kuliziba.

Maelezo yako

Ulieleza sababu mbili. Kwanza, tangu Mei gari la abiria unalotegemea limebadilisha ratiba, na linalofuata linakufikisha karibu na saa 1:20. Pili, tarehe 14 na 18 Julai simu yako iliishiwa chaji usiku na kengele haikulia. Uliongeza kwamba huna pingamizi na tarehe wala muda uliorekodiwa.

Nimeyapokea. Mabadiliko ya ratiba ya gari ni tatizo halisi, lakini ulilijua tangu Mei na hukulitaja tarehe 5 Juni, wakati tungeweza kupanga zamu upya. Pia halielezi kwa nini siku nne hakukuwa na taarifa yoyote, na siku mbili taarifa ilikuja baada ya saa 1:00.

Kuhusu zamu ya alasiri niliyopendekeza, ulisema haikufai kwa sababu ya masomo yako ya jioni, na hilo limeeleweka. Pendekezo la pili bado liko wazi: kuhamia kwa muda kwenye dawati la kupokea mizigo, linaloanza saa 3:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, kwa wiki 8, mshahara ukiwa uleule. Ukilitaka, nijulishe kwa maandishi kabla ya Jumatano 30 Julai. Ukikataa haitahesabiwa dhidi yako, ila saa 1:00 itabaki saa 1:00.

Unachotakiwa kufanya

Kuanzia Alhamisi 24 Julai hadi Alhamisi 23 Oktoba 2025 utakuwa katika kipindi cha uangalizi. Katika kipindi hicho:

Uwe kwenye dawati la makabidhiano, si getini wala chumba cha kubadilishia nguo, ifikapo saa 1:00 asubuhi. Kutoka getini hadi dawatini, pamoja na kuvaa viatu na fulana ya usalama, huchukua kama dakika 7, kwa hiyo kugusa mashine saa 12:50 ni salama zaidi kuliko saa 12:58. Ukihamia dawati la kupokea mizigo, kanuni ni hiyohiyo kwa saa 3:00.

Ukiona utachelewa, unipigie angalau dakika 30 kabla ya zamu kuanza. Nisipopokea, piga simu ya dawati la zamu, ambayo ina mtu usiku kucha. Ujumbe wa maandishi pekee hautoshi, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba umesomwa kwa wakati.

Kila unapochelewa, hata ukiwa na ruhusa, ujaze fomu ya maelezo siku hiyohiyo kabla ya kutoka.

Tutakutana kwa dakika 15, saa 8:30 mchana, katika siku za Ijumaa 1 Agosti, 22 Agosti, 19 Septemba na 17 Oktoba, kupitia taarifa ya mashine pamoja. Ukiwa na tatizo la usafiri au la nyumbani linalogusa muda wa kufika, usisubiri tarehe hizo.

Hatua zinazoweza kufuata

Ukichelewa bila ruhusa mara 2 au zaidi katika kipindi cha uangalizi, utaitwa kwenye kikao cha nidhamu ambacho kinaweza kutoa onyo la mwisho la maandishi. Baada ya onyo la mwisho, kurudia kosa kunaweza kufikisha suala kwenye kusitishwa kwa ajira. Hakuna hatua kati ya hizo itakayochukuliwa kabla hujapewa taarifa ya maandishi na nafasi ya kusikilizwa.

Onyo hili litakaa kwenye jalada lako miezi 6, hadi 22 Januari 2026. Kama halitafuatiwa na jingine, baada ya tarehe hiyo halitatumika kama msingi wa hatua za nidhamu. Linahusu muda wa kufika kazini tu. Sina lalamiko kuhusu usahihi wa hati zako wala namna unavyofanya kazi na wenzako.

Kujibu na kukata rufaa

Ukiona kuna tarehe, muda au maelezo yaliyokosewa, niandikie kabla ya Jumatano 30 Julai 2025, saa 9:00 alasiri. Majibu yako yatawekwa kwenye jalada pamoja na onyo hili. Ukitaka kukata rufaa, mwandikie Meneja wa Uendeshaji ndani ya muda huohuo. Hakushiriki katika uamuzi huu. Kwenye kikao cha rufaa unaweza kufuatana na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Tafadhali jibu barua pepe hii kwa neno "Nimepokea" kufikia kesho, Alhamisi 24 Julai, mwisho wa zamu. Jibu hilo linathibitisha kupokea tu. Halimaanishi kwamba umekubali yaliyoandikwa, na halikuzuii kukata rufaa.

Wako,

Zuhura
Msimamizi wa Zamu ya Asubuhi, Ghala Kuu

Viambatisho:
mahudhurio_juni_julai_2025.pdf (taarifa ya mashine, kurasa 2)
makabidhiano_9_na_14_julai.pdf (nakala za daftari)
muhtasari_5_juni_2025.pdf (onyo la mdomo, lenye saini)
muhtasari_21_julai_2025.pdf (maelezo yako)