Andalio la Somo: Kupima Vivuli vya Jua, Darasa la Nne

Shule ya msingi, Dodoma mjini. Katikati ya Julai. Wanafunzi 48 katika vikundi 8. Kipindi cha dakika 40 kinaanza saa 2:10 asubuhi, kisha vikundi vinatoka nje dakika 10 tu saa 4:30, 6:40 na 8:30.

Lengo: mwanafunzi apime urefu wa kivuli kwa sentimita, alinganishe vipimo vya siku nzima na aeleze kwa nini vimetofautiana.

Zana kwa kila kikundi: ufito ulionyooka wa sm 60, mwingine wa sm 35, uzi wa mita 2, rula, vijiwe 4, na jiwe dogo lililofungwa uzi liwe timazi.

Darasani (dakika 10). Uliza: "Saa sita na dakika arobaini kivuli kitakuwa wapi, na kirefu kiasi gani?" Kila kikundi kiandike jibu kabla ya kutoka. Wengi watasema kitatoweka. Usiwasahihishe, waache wakapime.

Uwanjani. Chagua mahali tambarare, mbali na miti na ukuta, ambapo hapatachezewa mpira wakati wa mapumziko. Kila ufito uzikwe sm 10, ubaki sm 50 na sm 25 juu ya ardhi. Timazi ishushwe pande mbili, kwani ufito ulioinama hurefusha au kufupisha kivuli, na kikundi kitabishana na jirani bure. Saa 2:30 waweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli cha ufito mrefu, wanyooshe uzi kutoka shina la ufito, kisha waupime kwa rula. Ncha huwa na ukungu kwa sababu jua si nukta. Wachague katikati ya ukungu, na apime mwanafunzi yuleyule siku nzima. Kosa la kawaida ni kuanzia ukingo wa rula badala ya sifuri. Wasilitazame jua hata mara moja.

Vipimo vya kutarajia, ufito wa sm 50: saa 2:30, karibu sm 123, saa 4:30, sm 46, saa 6:40, sm 26, saa 8:30, sm 39. Tofauti ya sm 2 au 3 inakubalika. Ufito mfupi utoe nusu ya kila kipimo. Usipotoa, kagueni timazi kwanza.

Majadiliano (dakika 10 za mwisho, saa 8:40). Vijiwe vilivyobaki ardhini vimehama kutoka magharibi kwenda mashariki, na cha saa 6:40 kiko kusini mwa ufito. Basi jua la adhuhuri liko upande gani? Kaskazini: Julai halipiti utosini Dodoma. Hupita utosini mapema Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba. Atakayesema mchana jua limesogea karibu nasi, mrudishe kwenye ufito: kinachobadilika ni kimo cha jua angani.

Tathmini: kila mwanafunzi achore grafu ya nguzo ya vipimo vinne na akadirie kivuli cha saa 10:00 jioni. Kesho kikundi kimoja kihakiki makadirio hayo uwanjani.