Jiko la Pwani, Kansanga: Menyu na Oda za Kuletewa

Karibuni. Tuko Kansanga, Barabara ya Ggaba. Bei zote ni shilingi za Uganda.

Chakula

Pilau ya ng'ombe na kachumbari, 14,000. Vitunguu vinakaangwa mpaka vigeuke kahawia iliyokolea ndipo nyama iingie; rangi yake inatoka hapo, hatutii rangi ya dukani.
Biriani ya kuku, Ijumaa na Jumamosi tu, 20,000.
Wali wa nazi na maharage, 9,000.
Matoke na mchuzi wa karanga, 10,000.
Sato mzima, wa kukaanga au wa kupaka, na posho, 28,000. Tunamnunua mwaloni Ggaba alfajiri. Akiisha, jina lake linafifia kwenye menyu na halibonyezeki mpaka kesho.
Chapati, 1,500. Mahamri manne, asubuhi tu, 3,000. Chai ya maziwa na tangawizi, 3,000.

Tunakofika

Kansanga na Kabalagala: oda kuanzia 12,000, bodaboda 2,000.
Muyenga, Bunga na Nsambya: oda kuanzia 25,000, bodaboda 4,000.
Ggaba, Buziga, Munyonyo na Makindye: oda kuanzia 40,000, bodaboda 6,000.

Nauli ya boda haihesabiwi kwenye kiwango hicho. Wanafunzi mnaokaa hosteli moja, changeni oda. Boda mtalipa mara moja. Ng'ambo ya maeneo haya hatupeleki, kwa sababu pilau ikikaa kwenye foleni saa nzima inafika imelowa mvuke. Ukiwa Ntinda, njoo uchukue mwenyewe: kuchukua hakuna kiwango cha chini.

Saa za jiko

Jumatatu hadi Jumamosi: saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku.
Jumapili: saa 6 mchana hadi saa 3 usiku.
Ijumaa tunasimama saa 6:30 hadi saa 8 mchana kwa sala.

Oda ya mwisho ni nusu saa kabla ya kufunga. Jiko likifungwa, kitufe cha "Agiza" kinazimika na utasoma, kwa mfano:

"Jiko limefungwa. Tunafungua kesho saa 2 asubuhi. Hujakatwa pesa."

Kikapu chako kinabaki kama ulivyokiacha. Ukitaka, bonyeza "Nipangie kesho" uchague saa. Utalipa jiko likifunguliwa. Tumeweka hivi baada ya mama mmoja wa Bunga kulipa saa 5 usiku, mkaa umeshazimwa, akangoja na watoto hadi usingizi ukawachukua. Pesa tulimrudishia asubuhi, lakini usiku ule walilala njaa, na hilo hatutaki limpate mteja mwingine.

Umeme ukikatika au mvua ikiwazuia boda, tunafunga oda kabla ya saa na ujumbe utataja sababu. Uliyelipa tayari, tunakupigia: ungoje, au urudishiwe pesa yote kwenye simu, na nauli ya boda pia.