YAH: Kusogeza mbele kikao cha Jumamosi tarehe 26 Julai, na nafasi tatu za kuchagua

Dodoma, Jumatano, 23 Julai 2025

Kwa wenyeviti, makatibu na wahazini wa vikundi vya wakulima wa zabibu: Mpunguzi, Matumbulu, Mvumi na Handali.

Ndugu zangu, mbukwenyi. Wazee wangu, shikamooni.

Kikao nilichowaitia Jumamosi hii saa 4 asubuhi, ghalani Mpunguzi, naomba tukisogeze mbele kwa siku chache. Niliyekiitisha ni mimi, na anayeomba kukisogeza ni mimi, kwa hiyo nawaomba msamaha kabla ya maelezo. Poleni kwa usumbufu.

Sababu ni hii. Tulikubaliana kukutana ili kupitia rasimu ya mkataba wa mnunuzi mstari kwa mstari kabla mavuno hayajaanza. Leo asubuhi mnunuzi amenipigia simu kwamba kuna vipengele viwili vinaandikwa upya: usafiri, na zabibu zinazokataliwa mizani ikishapima. Rasimu mpya ameahidi kuituma Jumamosi jioni. Tukikaa Jumamosi asubuhi tutakuwa tunabishania karatasi iliyokwisha kubadilishwa, halafu wiki ijayo niwaite tena, na mtu wa Handali alipe nauli mara mbili kwa jambo moja. Sikuona haki kufanya hivyo.

Kosa langu ni kwamba nilitangaza siku kabla karatasi haijafika mkononi. Nilitegemea ahadi ya mdomo. Safari hii tarehe zote tatu ninazowaletea zipo baada ya rasimu kufika. Na kama Jumapili usiku itakuwa bado haijafika, kikao kitafanyika vilevile kwa rasimu ya zamani, tuandike masharti yetu wenyewe na kumpelekea. Hakitaahirishwa mara ya pili.

Najua wapo watakaosema vipengele viwili tu si vya kuahirishia kikao. Naomba tukumbuke msimu uliopita. Kreti zilizorudishwa zilishushwa pale nyuma ya ghala saa 8 mchana, jua kali, maji ya zabibu yakichuruzika hadi kwenye mchanga na nyuki wamejaa. Mzee mmoja wa Matumbulu alivua koti lake akafunika kreti mbili za juu, akakaa pembeni yake hadi magharibi akisubiri mtu wa kumweleza nani analipa gari la kuzirudisha. Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu mkataba ulikuwa kimya. Zabibu ya mvinyo ikishakatwa haina subira, na mkulima akifika kwenye mizani bila jibu la maandishi, hana nguvu ya kubishana. Ndiyo maana nataka tuyasome maneno yenyewe yatakayotufunga.

Nafasi zenyewe ni hizi, zote palepale ghalani Mpunguzi:

1. Jumatatu, 28 Julai, saa 9 alasiri. Inawafaa wanaoshinda mjini na walio na kazi za shamba asubuhi. Ugumu wake ni kwamba tutamaliza giza likikaribia. Nimeongea na mwenye gari aina ya Noa, atawarudisha watu wa Mvumi na Handali hadi vijijini kwao, na gharama hiyo itatoka kwenye mfuko wa umoja.

2. Jumatano, 30 Julai, saa 3 asubuhi. Tunapata asubuhi nzima, na mabasi ya kurudi yapo mchana. Kwa maoni yangu hii ndiyo bora, kwa kuwa kila kikundi kitakuwa na siku mbili za kuisoma rasimu kabla hatujakutana. Nitatoa nakala nne Jumatatu asubuhi na kuzituma kwa bodaboda, kila kikundi nakala yake.

3. Ijumaa, 1 Agosti, saa 9 alasiri, ili wenzetu Waislamu wawe wametoka kuswali. Siku hiyo itawafaa pia wanaopeleka mazao kwenye maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni, maana wengi wao watakuwa bize kuandaa mabanda kuanzia Jumatatu. Ila nasema wazi, ikichaguliwa hii tutabakiwa na Jumamosi na Jumapili tu, kwa sababu mnunuzi anataka jibu letu Jumatatu tarehe 4.

Jumapili sikuiweka kwa sababu ya ibada, na Alhamisi ghala lina shughuli nyingine.

Kabla ya kuandika barua hii nimewauliza watu watatu ambao bila wao kikao kingekuwa nusu. Bwana shamba atakayetuonyesha namna ya kupima sukari ya zabibu anaweza siku zote tatu, na kipimo chake atakuja nacho. Mtunza ghala ameniachia nafasi zote hadi Jumamosi asubuhi. Mama lishe wetu alikuwa hajaloweka maharage wala kununua mchele. Shilingi 40,000 tuliyomtangulizia anabaki nayo hadi siku mtakayoichagua, kwa hiyo hakuna fedha ya umoja iliyopotea. Kama kuna aliyekwisha kulipia usafiri wa Jumamosi na hawezi kurudishiwa, aniambie kiasi. Nitamrudishia mwenyewe kutoka mfukoni mwangu, si kwenye mfuko wa umoja.

Ajenda haibadiliki. Tunaanza na mkataba, kisha zamu za kukata kwa kila kijiji ili malori yasikutane siku moja, kisha kreti. Hili la kreti haliwezi kusubiri kikao: kila mhazini ahesabu kreti nzima na zilizopasuka na kunitumia idadi kufikia Jumamosi jioni, ili zikipungua tupate muda wa kutafuta nyingine.

Naomba majibu kabla ya Ijumaa, tarehe 25, saa 12 jioni. Ujumbe mfupi unatosha: andika jina la kikundi na namba 1, 2 au 3. Anayeweza siku zaidi ya moja aandike zote, itanisaidia sana. Sitaangalia wingi wa kura peke yake, nitaangalia siku ambayo vikundi vyote vinne vinaweza kuleta angalau viongozi wawili. Zikilingana, tutashika Jumatano. Jumamosi saa 2 asubuhi nitatangaza siku moja, na hiyo itakuwa ya mwisho.

Wazee wetu watano ambao simu zao hazipokei ujumbe wa aina hii nitawapigia mwenyewe leo jioni. Hata hivyo makatibu naomba muwapitie nyumbani kwao kesho, muwasomee barua hii kwa sauti. Mzee asije akatembea Jumamosi asubuhi kutoka Matumbulu akakuta mlango wa ghala umefungwa. Ili kuwa na uhakika zaidi, nami nitakuwepo pale kuanzia saa 3 hadi saa 6, chai ikiwepo. Atakayekuwa hakupata habari hatarudi bila kuonana na mtu.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Mwenye swali au mwenye siku ambayo haimfai kabisa anipigie wakati wowote, hata usiku.

Wenu katika kazi,

Katibu wa umoja wa vikundi

Nakala: Bwana shamba, mtunza ghala, Mpunguzi