Kitini cha Muhadhara wa 4, Utangulizi wa Isimu: Umilisi na Utendi

Kitini hiki kisomeni kabla ya semina, msije mkakifungua mlangoni. Mada inaonekana nyepesi ukiipitia haraka haraka, na ndo maana kwenye mtihani watu wanaandika kwamba umilisi ni kuongea vizuri na utendi ni kuongea vibaya. Jibu hilo halipati maksi. Tuanze na lugha yenyewe, halafu majina ya nadharia yatakuja.

Mtu anamsimulia mwenzake jambo, na tumeandika kila kilichotoka mdomoni bila kusafisha:

"Sasa tulipofika ofisini vile vitabu vya mwalimu ali... eee, vilikuwa vimeshachukuliwa na, na nanii, yule, yule karani wa, siyo karani, msaidizi wake."

Ukiipeleka hivyo kwa mhariri wa gazeti atailaani. Lakini iangalieni polepole. Baada ya "vya mwalimu" msemaji ameanza kitenzi na "ali", yaani upatanisho umevutwa na nomino iliyo karibu, mwalimu, wakati mwenye kitenzi ni vitabu. Kajishtukia mwenyewe, hakuna aliyemsahihisha, na akarudi moja kwa moja kwenye "vi". Hakujaribu "yalikuwa", hakujaribu "ilikuwa", amekwenda palepale panapotakiwa. Sasa jiulizeni, alijuaje kwamba "ali" siyo? Lazima kuna kitu kichwani mwake ambacho "ali" haikulingana nacho. Kitu hicho, yaani ujuzi wa lugha alionao bila hata kuufikiria, ndo umilisi. Na lile tukio zima la kusema siku ile, na kusita kwake, "eee" zake, kurudia "yule, yule", kuchanganya karani na msaidizi, pamoja na yale maneno yaliyotoka sawasawa, lote ni utendi.

Nimesema lote, na hapo ndo pa kuweka alama ya kalamu. Utendi siyo makosa peke yake. Sentensi iliyonyooka kabisa ukiitamka nayo ni utendi. Utendi ni matumizi halisi ya lugha, kusema na kusikia, kuandika na kusoma, kwa mtu fulani na wakati fulani, na ndani yake umilisi unafanya kazi pamoja na kumbukumbu, umakini, uchovu, hofu, kelele, haraka, hata meno. Mtu aliyepigwa ganzi mdomoni matamshi yanamharibikia kwa saa kadhaa, ganzi ikiisha anaongea kama kawaida na hajajifunza upya hata kanuni moja. Utendi uliyumba, umilisi ulikuwepo muda wote.

Utofautishaji huu kwa sura tunayoitumia umetoka kwa Noam Chomsky, katika kitabu chake cha 1965 kuhusu nadharia ya sintaksia. Alisema nadharia ya isimu inashughulika kwanza na msemaji-msikilizaji wa kidhahania, aliye katika jamii yenye lugha moja isiyotofautiana, anayeijua lugha yake kikamilifu na asiyesumbuliwa na kusahau wala kukosa umakini. Mtu wa hivyo hayupo duniani na Chomsky hakudai kwamba yupo, ni njia ya kuuondoa ukungu ili mfumo uonekane. Kabla yake kulikuwa na Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapwa 1916 yeye akiwa ameshafariki, naye alitenganisha lugha kama mfumo na uneni wa mtu mmoja mmoja. Msiseme wamesema kitu kimoja. Mfumo wa Saussure ni mali ya jamii, umilisi wa Chomsky uko kichwani mwa mtu. Tena Chomsky aliona mfumo wa Saussure umekaa kama orodha ya vipashio, wakati yeye alitaka kanuni zinazozalisha sentensi bila kikomo, hata zile ambazo hakuna mtu amewahi kuzisema.

Sasa utauliza, kama umilisi hauonekani tunajuaje upo? Fanyeni jaribio hili sasa hivi. Nakupa neno ambalo hujawahi kulisikia, kipulwa. Ni kifaa. Kimoja kimevunjika. Vikiwa viwili utasemaje? Umeshasema, vipulwa viwili vimevunjika. Hukuhitaji kamusi. Haya, sasa nabadilisha, kipulwa siyo kifaa, ni mnyama, na amelala. Wengi wenu wingi mmeshabadilisha wenyewe, vipulwa wamelala, kama mnavyosema vifaru wamelala, kiambishi cha nomino kimebaki vi lakini upatanisho umehamia kwa viumbe hai. Kwa neno hilo hakuna aliyekufundisha. Mwaka 1958 Jean Berko alifanya jaribio la namna hii kwa watoto wadogo wanaoongea Kiingereza, akawapa majina ya kubuni wayaweke kwenye wingi, wakaweza. Maana yake mtoto hakariri maneno tu, anajijengea kanuni.

Na kuna kile kituko cha watoto ambacho mimi nakipenda sana kwa sababu kinaonyesha pengo lenyewe waziwazi. Mtoto anasema "lafiki". Wewe mkubwa ukimrudishia "lafiki yako yuko wapi?" anakasirika, "siyo lafiki, lafiki!" Ukisema "rafiki" anatulia. Anajua sauti iliyotakiwa, ulimi ndo bado haujamtii.

Upande wa pili ni sentensi ambazo sarufi inaziruhusu ila vichwa vyetu vinazikataa. Someni hii:

Barua ambayo mwalimu aliiandika imepotea.

Haina shida. Ongezeni moja ndani:

Barua ambayo mwalimu ambaye mkuu alimwita aliiandika imepotea.

Inakwama kidogo ila ukirudia inaeleweka. Ongezeni tena:

Barua ambayo mwalimu ambaye mkuu ambaye wanafunzi walimchagua alimwita aliiandika imepotea.

Hapo wengi wanakata tamaa. Lakini angalieni, tangu ya kwanza hadi ya tatu hatujavunja kanuni yoyote, tumerudia ileile, kuweka kishazi rejeshi baada ya nomino. Walimchagua ni ya wanafunzi, alimwita ni ya mkuu, aliiandika ni ya mwalimu, imepotea ni ya barua, kila kitenzi kina mwenyewe. Kilichoshindwa ni kumbukumbu ya muda mfupi, manake unatakiwa ushikilie nomino nne zinazosubiri vitenzi vyake, halafu vitenzi vinne vinakuja kwa mkupuo na kwa mpangilio wa kinyume. Sasa pangeni upya:

Barua iliyoandikwa na mwalimu aliyeitwa na mkuu aliyechaguliwa na wanafunzi imepotea.

Habari ni ileile, vishazi rejeshi ni vitatu vilevile, na inasomeka. Hiyo ndo sababu tunatenganisha usarufi na kukubalika. Usarufi ni suala la umilisi, je kanuni zinairuhusu sentensi? Kukubalika ni suala la utendi, je msikilizaji anaipokea bila taabu? Sentensi ya tatu ina usarufi ila haikubaliki. Kwenye mtihani mkichanganya haya mawili swali zima linaanguka.

Tuje kwenye kosa linaloniuma zaidi, kwa sababu linawadharau watu. Mwanafunzi anamsikia mtu anasema "gari yangu imeharibika" anaandika: msemaji ana tatizo la utendi. Hapana. Kiswahili sanifu ni gari langu limeharibika, sawa, lakini msikilize huyo mtu kwa muda. Atasema gari hii, gari yenyewe, gari ilisimama, kila mahali upatanisho uleule, hajirudi, hasiti, na "gari langu" masikioni mwake inasikika ya kitabuni. Kwake gari iko kwenye ngeli ya I-ZI na anaifuata kwa uaminifu. Huo ni umilisi wake, umetofautiana na usanifu basi. Msemaji wetu wa mwanzo na huyu wa gari hawafanani kabisa, yule aliteleza na kujirudi, huyu hajateleza popote. Kwa hiyo mkitaka kujua kama jambo ni la umilisi au la utendi, msiulize kama limeandikwa kwenye kitabu cha sarufi. Ulizeni kama linajirudia kwa utaratibu, kama mwenyewe akilisikia baadaye atasema "aa nimekosea", na kama linapungua akiwa ametulia.

Hata kuteleza kwenyewe kuna utaratibu, siyo vurugu. Victoria Fromkin mwaka 1971 alionyesha kwamba mitelezo ya ulimi inafuata vipashio vya lugha, sauti inabadilishana nafasi na sauti, mofimu na mofimu, na kinachotoka kwa kawaida bado kinatii sheria za sauti za lugha hiyo. Rudini kwa msemaji wetu, alipokosa jina alisema "nanii", na ameiweka mahali pa nomino palepale baada ya "na". Utendi ukichechemea hivi unatuchungulisha umilisi kuliko hata ukitembea sawasawa.

Wapo waliompinga Chomsky na hoja zao ni nzito. Dell Hymes alisema mtu mwenye sarufi kamili ila hajui aseme nini, kwa nani na wakati gani, hawezi kuishi na watu. Kujua kwamba mkubwa unamwambia "shikamoo" na siyo "mambo vipi" nako ni ujuzi, hauko kwenye kanuni za sentensi, na huwezi kuutupa kwenye kapu la uchovu na kusahau. Yeye akaleta umilisi wa mawasiliano. William Labov naye alionyesha kwamba tofauti za matamshi mitaani zinafuata tabaka na mazingira kwa mpangilio unaopimika, kwa hiyo data ya utendi siyo takataka ya kufagia. Msimamo wangu ni kwamba utofautishaji wa Chomsky tunauhitaji kama kifaa cha kazi, bila huo kila "eee" ingebidi tuiandikie kanuni, ila ile jamii yenye lugha moja ni dhana inayotubana sana sisi ambao wengi wetu tunaishi na lugha mbili tatu kila siku.

Kazi ya semina. Rekodi dakika mbili za mtu akisimulia jambo, kwa ruhusa yake, na jina lake usiliandike. Nukuu kila kitu, visito na marudio yote. Chagua sehemu tatu zilizokushtua, kwa kila moja sema ni ya umilisi au utendi na umejuaje. Moja kati ya hizo iwe ile ambayo huna uhakika nayo, hiyo ndo tutaanza nayo.